Herufi Iliyozidi

Mama alipokuwa mgonjwa, maneno yake yalipungua hadi yakabaki machache. Moja nililisikia mara nyingi kuliko yote: "Msiachane mkono." Alilisema kama mtu anayewavusha watoto barabara. Baba alishatangulia. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa kidato cha pili, na nyuma yangu wadogo watatu. Mama alipofariki sikurudi skuli, na wala hakuna aliyeniambia nisirudi. Asubuhi moja tu niliwavisha wenzangu sare, nikajiona mimi sina haja ya kuvaa yangu.

Miaka ilipita. Wadogo zangu wawili wa kike waliolewa, mmoja Wete na mmoja Unguja. Akabaki wa mwisho, mwanamme, tukaishi pamoja nyumbani kwetu Wawi. Nilikuwa na kiduka Chake Chake cha vifaa vya umeme: nyaya, swichi, taa, chaja za simu. Yeye alikuwa akinisaidia, lakini moyo wake ulishahamia Omani. Marafiki zake wengi walikwenda. Kila akirudi kutoka barazani alikuja na habari ya mwengine aliyepata viza.

"Dada, hapa naganda mie," aliniambia. "Nauza swichi mpaka nitakuwa swichi."

"Utawashwa na nani?"

Alicheka, lakini hakulisahau lile jambo.

Ndipo tukakubaliana. Ataagiza mzigo wake mwenyewe, kwa leseni ya duka langu, auuze Ramadhani. Ukienda vizuri, atabaki na tutapanua duka. Usipokwenda, sitamzuia. Tulipeana mkono juu ya jambo hilo, na mimi nikamshika kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Alichagua redio ndogo za kuchaji, zenye tochi, sehemu ya kuchomeka kadi yenye kisomo cha Qur'ani, na bluetooth. Lilikuwa wazo zuri. Huko Msuka na Shumba umeme ukikatika wakati wa daku watu wanataka mwangaza na sauti kwa pamoja. Aliwazungukia wenye maduka ya vijijini, nao wakamwambia alete tu, ila ziwahi mwezi mtukufu, kwani baada ya Idi kila mtu mfuko wake umeshatoboka.

Muuzaji alikuwa Dubai. Tulimpata wakala wa forodha, mzee mmoja wa Mkoani mwenye mzaha mwingi, naye akatufunza njia. Kwa kuwa redio ile ina bluetooth, yaani inarusha mawimbi, iombewe kibali cha kuingizia kabla haijapakiwa. Na huko inakotoka, kampuni ya ukaguzi itazame ripoti ya vipimo vya kiwandani, iutazame na mzigo, ndipo itoe cheti cha ulinganifu, kwamba bidhaa hii imetimiza viwango vyetu.

"Na modeli iwe moja kotekote," alisema mzee wakala. "Kwenye kibali, kwenye cheti, kwenye ankara, na mgongoni mwa redio yenyewe. Kama jina la bwana harusi. Huwezi kuozeshwa Ali, akaja kuingia ndani Alawi."

"Hata kama wanafanana?" mdogo wangu aliuliza.

"Hasa wakifanana, yakhe."

Modeli yetu ilikuwa RS-210. Kibali kilitoka na jina hilo. Mkaguzi wa kule akautazama mzigo, cheti nacho kikatoka na jina hilohilo. Mdogo wangu alibandika nakala yake ukutani dukani, juu ya kalenda, kama wengine wanavyobandika shahada.

Mzigo ulifika Mkoani kupitia Unguja wakati watu wanaanza kufunga sunna za Shaabani. Tulikwenda pamoja na mzee wakala siku ya ukaguzi. Mdogo wangu alivaa kanzu yake ya Idi. Ghalani alikuwepo afisa wa forodha, na afisa wa viwango, dada mmoja makini aliyetuamkia vizuri na kutuomba radhi kwa vumbi. Alifungua katoni, akatoa redio, akaigeuza. Akaisoma mgongoni. Akatazama karatasi. Akafungua katoni nyengine, ya chini kabisa.

"Hizi zimeandikwa RS-210B," alisema.

Mzee wakala alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena. Herufi ilikuwepo bado.

Nilimtazama mdogo wangu. Hakushituka. Hilo ndilo lililoniumiza kwanza, kwamba hakushituka.

"Muuzaji aliniarifu," alisema taratibu. "Baada ya ukaguzi zile za mwanzo alimpa mteja mkubwa. Akaniletea picha ya hizi, mpya zaidi. Nikaangalia, rangi ile ile, umbo lile lile, bei ile ile. Nikamwambia sawa. Ni ile ile, Dada."

Ni ile ile. Hatuna neno la dukani tunalolitumia zaidi ya hilo. Mtu anataka swichi ya jina fulani, huna, unampa nyengine: chukua hii, ni ile ile. Anachukua, na mara nyingi kweli anafika nayo nyumbani ikawaka. Yeye alikulia mbele ya meza yangu, na neno hilo alilisikia kwangu.

Afisa wa viwango hakumgombeza. Alifungua kifuniko cha nyuma akatuonesha betri. Ilikuwa bapa na pana, wakati ile iliyomo kwenye ripoti ilikuwa ya duara. Alisema na saketi ya kuchajia huenda imebadilishwa.

"Kwenu hii ni herufi," alisema. "Kwangu mie ni betri ambayo sina karatasi hata moja inayosema imepimwa. Itachajiwa usiku, karibu na godoro la mtu. Huenda ni salama. Lakini cheti hiki hakizungumzii redio hii, kinazungumzia nyengine."

Na kibali vilevile, alieleza, kilikuwa cha nyengine. Mzigo haukutaifishwa wala haukurudishwa. Ulizuiwa tu ghalani mpaka karatasi zifanane nao. Mzee wakala alitueleza njia tukiwa nje, safari hii bila mzaha. Kiwanda kitoe ripoti ya vipimo vya B pamoja na barua inayosema nini kimebadilika. Kampuni ya ukaguzi iipitie na itoe cheti kilichorekebishwa. Kibali nacho kiombewe marekebisho, modeli mpya iandikwe. Halafu ndipo tamko la forodha nalo lisahihishwe, na mzigo utazamwe upya. Hakuna hatua inayoweza kuitangulia nyengine.

Tuliandika siku ileile. Muuzaji alijibu kwamba kiwanda kimefungwa, wafanyakazi wamekwenda makwao kwa mwaka mpya wa kwao. Tusubiri.

Mwezi wa Ramadhani uliandama. Wenye maduka walipiga simu, kwanza kwa hamu, baadaye kwa adabu, baadaye hawakupiga tena. Mdogo wangu alikuwa akifuturu kwa tende na maji, kisha anasogeza sahani. Nilimpikia mihogo ya nazi aliyoipenda tangu mdogo. Alikula kwa kunihurumia mimi.

Usiku mmoja baada ya sala ya tarawehe alinijia na simu yake mkononi. Alisema kuna jamaa mjini, fundi wa kompyuta. Huyo alichukua picha ya cheti chetu akaongeza B. Imekaa vizuri, huwezi kuona.

"Ni herufi moja, Dada. Leseni ni yako. Ukubali tu, nimpelekee mzee."

"Cheti kina namba yake. Wataingia kwenye mtandao wao, watakikuta hakina B."

"Labda hawataangalia."

"Na wasipoangalia?" nilimwambia. "Hiyo betri nani kaipima? Fundi wako?"

Alinipa simu mkononi niitazame mwenyewe. Kisha akasema jambo ambalo naweza kulirudia kwa sauti yake mpaka leo: "Weye daima umesimama wima tu. Na sie wote twasimama nyuma yako, hatuendi popote."

Nilitaka kumwambia kwamba nilisimama wima kwa sababu kulikuwa na watu watatu wameniegemea, na kwamba mtu aliyeegemewa hana ruhusa ya kuyumba. Lakini maneno kama hayo ukiyasema yanakuwa masimango. Niliirudisha simu mkononi mwake, nikamfunga vidole juu yake, nikenda kukosha vyombo. Asubuhi aliniambia picha ameifuta. Nilimwamini na bado namwamini.

Karatasi zilianza kuja kumi la mwisho la Ramadhani. Kwanza ripoti ya kiwanda, na ilionesha betri ile imefaulu vipimo vyote. Redio zilikuwa salama siku zote zile. Mdogo wangu aliisoma akacheka kicheko kikavu. Halafu cheti kilichorekebishwa, halafu kibali. Tamko liliposahihishwa ofisi zilikuwa zimeshafungwa kwa sikukuu. Mzigo ulitoka baada ya Idi, kukiwa na mvua, na yule dada wa viwango alikuja mwenyewe ghalani kugeuza redio na kusoma migongo yake, moja moja kutoka kila katoni aliyoichagua. Aliposaini alisema, "Poleni sana." Aliisema kwa dhati.

Tulipakia kwenye gari chini ya turubali. Mzee wakala, aliyepanda nasi hadi Chake, alijaribu mzaha mara moja tu.

"Basi bwana harusi kaingia."

"Kaingia," mdogo wangu alisema, "harusi imeshakwisha."

Viza yake ilifika mvua za masika hazijaisha. Sikumzuia, tulishapeana mkono. Nilimfungia mabegi, nikamtilia halua na bizari za kwetu. Uwanja wa ndege alinishika kama alivyokuwa akinishika nikimpeleka skuli, kidole cha shahada na cha kati tu. Akasema, "Dada, redio zile zikiisha niambie. Nitarudi tuagize nyengine, na safari hii nitasoma mpaka nukta."

"Inshallah," nilisema.

"Inshallah."

Siku hizi mteja akija akataka kitu nami sina, namwambia sina. Wengine hukasirika. Bibi mmoja wa hapa Wawi alinitania: "We Bi, umekuwa forodha siku hizi?" Nikamuuzia redio, nikamsomea mgongo wake kwanza, naye akanitazama kwa kunionea huruma.

Ziliondoka polepole, mojamoja, mwaka mzima. Kila iliyotoka niliihesabu kama hatua yake ya kurudi. Ya mwisho aliichukua mvuvi wa Msuka, na alipotoka nayo dukani niliifuata kwa macho mpaka kona. Kisha nikafunga mlango mapema nikampigia mdogo wangu. Kulikuwa na kelele za magari kwake, yuko kazini.

"Zimeisha," nilimwambia.

Nilisikia mtu akimwita kwa Kiarabu, naye akaitikia kwa Kiarabu, haraka, bila kutafuta neno.

"Inshallah, Dada," akasema.

Mwenye kuisikia kwa mbali angesema ni ile ile. Mimi nimemlea, na nilijua kwamba si ile ya uwanja wa ndege.