Safari ya Mbekenyera na Mtu Asiyeuliza

Mama mdogo ndiye aliyempa yule kaka namba yangu. Alikuwa mteja wake wa vitenge pale Ruangwa mjini, ana shimo lake la dhahabu Namungo na shamba la mikorosho Mbekenyera, hajaoa, halewi. "Halafu siyo mtu wa kununanuna," mama mdogo alinisifia. "Anaongea."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, nimepanga vyumba viwili Nachingwea, na msimu wa korosho kazi yangu ilikuwa kukagua ubora ghalani. Gunia likifika, nachomeka chuma cha kuchukulia sampuli, napima unyevu, kisha nakata korosho katikati moja baada ya nyingine nikitenga nzima, zenye madoa na zilizooza. Ndipo nasema daraja la kwanza au la pili. Ni kazi inayonifanya nichukiwe na watu wengi kabla ya saa sita mchana, lakini naipenda. Nilidhani siku ya kukutana naye nitaulizwa habari zake. Nilikuwa hata nimechagua kisa cha kusimulia, cha mzee mmoja aliyetaka kunipa kuku ili nilipitishe gunia lake.

Alikuja Jumamosi saa nne asubuhi na gari dogo jeupe. Akashuka, akanizungukia, akanifungulia mlango mwenyewe. Nikafurahi. Nilipokwisha kukaa akasema, "Huo mlango haufunguki kwa ndani, mpaka mimi nije. Nilimpa fundi mmoja wa Masasi, ngoja nikuambie alichonifanyia."

Akaniambia. Kutoka kwa fundi akaingia kwenye gari lake la kwanza, kutoka hapo akaingia namna alivyojifunza kuendesha bila kufundishwa na mtu. Tulipomaliza nyumba za Nachingwea alikuwa amefika darasa la sita. Nikawa naitikia kama nilivyolelewa kuitikia: "Enhe." "Kumbe!" "Ikawaje?" Kwetu mtu akisimulia, ukinyamaza unaonekana una kiburi. Basi kila "enhe" yangu ilikuwa kuni, naye moto ukazidi.

Wala sitaki kusema hakuwa na adabu. Salamu alizimaliza zote. "Habari za nyumbani? Za kazi?" Ila niliposema, "Za kazi nzuri, tumeelemewa kidogo, msimu—" yeye akadakia, "Mimi ndiyo usiseme, mwezi huu sijalala," na hapo nikaikosa zamu yangu hadi Ruangwa.

Mgahawani tulikaa meza ya pembeni, wali, samaki na mboga ya kisamvu mbele yetu. Nikajisemea, labda ana wasiwasi. Mimi mwenyewe nikiwa na wasiwasi huwa nacheka ovyo, na huenda yeye wasiwasi wake unatokea mdomoni. Mtu wa namna hiyo hutulia akishiba. Nikaamua kumsaidia. Nikaacha kuuliza, nikawa naweka mambo yangu mezani, kidogo kidogo, aone mahali pa kushika.

"Mimi kisamvu cha nazi kinanikumbusha bibi yangu wa Kilimarondo," nikasema. "Alikuwa anatwanga huku anafukuza nyani shambani."

"Nyani!" akasema. "Nyani mimi ndiyo wananijua. Kule Mbekenyera wameniharibia mahindi mwaka juzi..."

Nikangoja nyani wake waishe. Nikajaribu tena. Nikamwambia baba yangu amefariki mwaka jana. Nilisema taratibu, maana bado nalisema kwa shida.

"Pole," akasema, akaweka samaki chini. Nikamwangalia. Nilidhani sasa ataniuliza aliumwa nini, au nilikuwa karibu naye kiasi gani, au chochote kile. "Wa kwangu alifariki nikiwa kidato cha pili. Ndiyo maana unaniona hivi, napambana. Nilipofika Namungo mara ya kwanza sikuwa hata na sururu..."

Hapo nikajaribu la mwisho nililolijua: kunyamaza kabisa. Sikusema enhe wala kumbe, sikutikisa hata kichwa. Nikala nikiangalia sahani. Wasimuliaji wengi, ukiwanyima kitikio, hupungua kama redio inayoishiwa betri. Yeye hakupungua. Alijiitikia mwenyewe: "Unaona? Ndiyo hivyo!" Nikagundua kwamba palipokuwa na mimi pale mezani hata kiti kitupu kingetosha.

Nilitaka kurudi. Nikasema, "Kaka, nashukuru kwa chakula. Naona nitafute usafiri mapema." Akacheka. "Usafiri gani na mimi nipo? Twende mara moja ukaone shamba, nitakurudisha mwenyewe." Ningekataa. Lakini nilimfikiria mama mdogo na duka lake, mgahawa mzima ulikuwa unatutazama, na tulipotoka yeye alikuwa tayari ameshika mlango wa gari, uko wazi. Nikaingia. Ukafungwa.

Njia ya Mbekenyera ilikuwa ndefu kuliko kilomita zake. Vumbi lilitulazimisha kupandisha vioo, na ndani ya vile vioo hapakuwa na kitu ila yeye. Sasa alikuwa kwenye korosho. Alinifundisha korosho. Akaniambia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, ni nini na dawa ya salfa inapulizwa lini, na mengine alikosea. Kisha akafika kwa wakaguzi. "Walinipa daraja la pili mzigo mzima! Vile vitoto vya ghalani havijui korosho, vinakaa kivulini na vikisu vyao."

Nilikuwa na kovu la kisu hicho kwenye kidole gumba, nimelilaza juu ya mkoba wangu. Ningeweza kusema. Sikusema. Nilitazama mikorosho inapita, nikahisi kama mtu aliyefungiwa kwenye chumba chenye redio isiyozimika, na hasira yangu haikuwa juu yake tu, ilikuwa pia juu yangu, kwamba mwanamke mzima nimekaa na mikono mapajani nangojea nifunguliwe mlango.

Shambani palikuwa na mama mmoja, mke wa mtu anayemlindia shamba. Alikuwa anaanua korosho kwenye mkeka. Yule kaka akaenda nyuma ya nyumba kumwonyesha mumewe jambo la mipaka, sauti yake tunaisikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Mmetoka Ruangwa?"

"Mimi natoka Nachingwea."

"Aa, Nachingwea! Kwa akina nani?" Nikamtajia ukoo. "Mama yupo?" Yupo. "Na baba?" Nikasema hayupo, mwaka wa kwanza huu. Akaacha kuanua. "Pole sana. Aliumwa sana?" Nikamwambia miezi minne, figo. "Nani alikuwa anamuuguza?" Nikasema ni mimi. "Pole. Ulichoka."

Yalikuwa maswali ya kila mtu, ya kijiji chochote, na mimi nilijikuta nimeziba macho kwa mtandio. Yeye akageuza uso kwa heshima, akaendelea na kazi. Halafu: "Na wewe unafanya kazi gani huko?"

"Nakagua korosho ghalani."

"Ee! Basi njoo uone hizi zetu, za mzigo ule waliotupa daraja la pili."

Nikaingia naye ndani. Zilizobaki zilikuwa kwenye viroba vya plastiki, vimelala kwenye udongo mtupu. Nikatia mkono katikati ya kiroba, ukatoka na ubaridi. Nikazitikisa korosho chache sikioni, hazikulia. Ukucha wangu ukaacha alama kwenye ganda. "Mama, hizi hazikukauka. Zianikeni siku mbili tatu tena kwenye jua kali, muwe mnazigeuza. Msitie kwenye plastiki, tieni magunia ya katani, na chini mpange magogo ziinuke. Mti si mbaya, ni mahali zinapolala."

Yule kaka alikuwa amesimama mlangoni. Mama akamwambia, "Kumbe mgeni wako ni mkaguzi!"

Alinitazama. Niliona amepigwa na butwaa, na kwa pumzi moja nilimwonea huruma, nikataka aseme chochote kinachoanza na "wewe." Akasema, "Hata mimi niliwaambia hao, magogo. Mimi nilikuwa na wazo hilo tangu mwaka jana."

Nikatoka nje naye, nikasimama mbali na gari. Sauti yangu niliishusha.

"Kaka, naomba nikuambie jambo, usinielewe vibaya. Tangu saa nne tuko pamoja. Najua shimo lako, fundi wako, nyani wako. Wewe unajua nini kuhusu mimi?"

Akafikiri. Alifikiri kweli. "Wewe ni mtulivu," akasema.

"Mimi siyo mtulivu. Sijapata nafasi."

Akacheka kidogo, kisha uso wake ukalegea. "Watu wananiambia. Haya, sema. Ulianzaje hiyo kazi?"

Nikamjibu kwa haki kabisa. Nikasema nilianza kama kibarua wa kushona magunia, msimamizi mmoja akaona— "Kibarua!" akasema. "Kibarua mimi nilianza nina miaka kumi na tatu, sikia..." Hakutambua alichofanya. Mkono wake ulikuwa juu, macho yanang'aa, ameshaondoka zamani.

Sikungoja amalize. Kumkata mtu kauli lilikuwa jambo gumu kuliko lolote nililofanya siku ile. "Nashukuru kwa chakula na kwa safari. Sisi hatuwezani. Nitarudi mwenyewe."

"Unarudije?"

Ukiacha salamu, hilo lilikuwa swali la pili aliloniuliza siku ile. Yule mama, aliyekuwa ametusikia, alikwisha kumwita jirani yake mwenye bodaboda. Nikapanda hadi mahali zinaposimama hiace za abiria, nikafika Ruangwa jua lipo, Nachingwea linazama. Njiani nilifarijika, lakini sikujisikia mshindi. Nilijiuliza kama nimemdhalilisha mtu mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Jumapili asubuhi nilikuta ujumbe wake wa sauti, dakika sita. Nikasikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa nilitaka kuwa na hakika. Alieleza kwa nini yeye yuko hivyo, maisha aliyopitia, jinsi maneno yangu yalivyomuumiza yeye. Nikaandika: "Nimekusikia. Nakutakia heri. Sitaendelea, na tusipigiane tena." Sikueleza zaidi, maana kila maelezo kwake yangekuwa mlango wa kuingilia.

Mama mdogo alipiga mchana, amekasirika. "Mwanaume anaongea, kosa hilo? Ulitaka bubu?"

"Mama mdogo, sikutaka bubu."

"Ulitaka nini basi?"

Nikakaa kitandani kumwambia. Ilinichukua muda, kwa sababu nilianza na baba, na yeye hakunikatiza.