Plasta ya Fundi Cherehani

Mzee fundi cherehani alishuka basi katika mji asioujua, binti yake akamshika mkono mpaka kliniki ya masikio, pua na koo. Midomo ya mzee ilikuwa na alama nyekundu za plasta aliyoibandika usiku. Video moja kwenye simu ilimwambia kwamba akiufunga mdomo usiku atapumua kwa pua, asikorome wala kukauka koo.

"Mwenye pua safi huenda akapungukiwa na mkoromo kidogo, ingawa ushahidi ni mchache," daktari alisema, akimchungulia puani. "Yako imeziba, baba. Ukifunga na mdomo, hewa ipite wapi? Na ukitapika je? Hebu niambie, pumzi huwa inakatika usingizini?"

"Marehemu mke wangu ndiye aliyejua. Alikuwa ananipiga kiwiko: 'We mzee, pumua! Hilo cherehani lako utaniachia mimi nilifanyie nini?'"

Mzee akacheka. Miaka yote alidhani mkewe anachukia kelele. Kumbe alikuwa anamlinda.

Alipewa kifaa cha kupima pumzi, akalale nacho nyumbani, tena kwa ubavu, bila plasta. Daktari akabaki mlangoni, akimsikia anavyomsimulia binti habari za mama yake, mpaka sauti ikapotelea barabarani.