Sifuri na Tano za Likawage

Mdomo wangu ndio ulioanza. Nilikuwa msimamizi wa wapimaji katika utafiti wa lishe ya watoto, tukizunguka vijiji vya Kilwa, na siku ya mafunzo niliwapa somo kwa ukali wangu ule ule unaofanya watu wanisalimie haraka na kupita. Niliwaambia mpimaji mvivu namjua hata bila kumwona. Utepe wa kupimia unene wa mkono wa mtoto una vistari vya milimita, lakini macho ya mvivu hutua kwenye mistari mirefu tu, kwa hiyo vipimo vyake vyote huishia na sifuri au tano. Nikasema nikiziona sifuri na tano kwenye kishikwambi cha mtu, huyo ajue amejifukuzisha mwenyewe. Walicheka, nami nikapenda walivyocheka.

Sikuwaambia kwamba sifuri na tano nazo ni namba halali. Nilidhani hilo halina haja ya kusemwa.

Kati yao alikuwepo binti wa Kinjumbi, mkimya, aliyemwacha mwanawe kwa bibi yake ili aje kufanya kazi hii. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya mkataba, na wanaofanya vizuri huitwa tena. Nilimpanga Likawage, ambako nyumba zimetawanyika na jua halina huruma.

Nilipofungua vipimo vyake nilifurahi kwanza. Sifuri hakuna, tano hakuna. Kisha nikashtuka: hakuna kabisa! Ukipima kweli, kila tarakimu ya mwisho hupata zamu yake, na watoto kama mmoja katika kila watano wataangukia sifuri au tano, upende usipende. Kwake zilijaa tatu na saba, namba anazozikimbilia mtu anayetunga kichwani kwa kuwa hazionekani kama zimechaguliwa. Tena hakuna watoto wawili waliofuatana wenye tarakimu moja ya mwisho. Utepe haukumbuki ulichosoma kwa mtoto aliyetangulia, kwa hiyo kurudia hutokea tu. Anayekwepa kurudia ni binadamu. Nikasema huyu amekaa kivulini akajitungia.

Nilimfuata Likawage nimefura. Akaniambia shikamoo mama, nikaitikia marahaba kwa meno. Nikamwamuru tupite pamoja nyumba alizopima, nipime mwenyewe mbele yake.

Nyumba ya kwanza mtoto alimkimbilia akanyoosha mkono mwenyewe. Ya pili mama akamuuliza mbona amerudi, au mtoto ana tatizo. Kila nyumba walimjua. Na utepe wangu ukaanza kunisuta: kwa watoto wengi nilipata kile kile alichoandika, hadi milimita. Kwa wengine vipimo vilipishana kwa milimita mbili au tatu, na kwa wengi wao utepe wangu ulisoma sifuri au tano.

Nikamkalisha kwenye benchi la nyumba ya mwisho nikamuuliza amefanya nini. Akasema alipima kila mtoto, lakini kila utepe ulipoangukia sifuri au tano alikumbuka maneno yangu, akaogopa, akasogeza kidogo juu au chini. Ikijirudia tarakimu ya mtoto aliyetangulia, alisogeza pia, maana aliona itafanana na uongo. Alikuwa akihangaika kuufanya ukweli wake ufanane na ukweli.

Nilitamani kulificha jambo lile. Wallahi nilitamani. Lakini mtoto wa nyumba ile tuliyokaa, utepe wangu ulisoma milimita mia na ishirini na nne, na wa chini ya mia na ishirini na tano hupelekwa zahanati kwa utapiamlo. Binti alikuwa ameandika mia na ishirini na saba, kwa sababu mtoto aliyetangulia naye aliishia na nne. Tulimwandikia mama yake karatasi ya zahanati pale pale. Mama akanishukuru, na shukrani ile ilinichoma. Vipimo vyote vya Likawage vilipaswa kurudiwa, na mimi nilipaswa kutoa taarifa. Taarifa ile ingemtoa kazini, naye alijua.

Hakulia. Alikuwa anakunja utepe taratibu, anaukunjua, anaukunja tena. Nikamwambia angeniuliza. Akasema mimi si mtu wa kuulizwa, na hakusema kwa ubaya. Kisha akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mama, ningeziacha zile sifuri na tano kama zilivyokuja, ungeniamini?"

Nilitafuta jibu la kumtuliza. Nikajiona siku ile ya mafunzo, nimeshiba kicheko cha watu, nikiwa tayari kumkamata wa kwanza.

"Hapana," nikamwambia.

Akanikabidhi utepe, akaingia ndani kumuaga mwenye nyumba.