Bibi Alipotoa Mate

Baba wa binti yangu alikuwa polisi, dereva wa gari la doria, na tulikutana kwa sababu ya suruali. Alileta tatu kwenye cherehani yangu pale Namuwongo, karibu na reli, nizipunguze kiuno. Alisema chakula cha kambini kimemkondesha. Baadaye nilikuja kujua kwamba chakula chenyewe kilipikwa na mke wake, tena mpishi hodari, lakini siku hiyo nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilimwamini kila mwanamume mwenye sauti nzuri.

Tulizungumza Kiswahili, maana lugha ya kwao kaskazini sikuijua, na Kinubi cha nyumbani kwetu hakukijua yeye. Kiswahili kilitutosha kutongozana, kugombana na kumpa mtoto jina. Habari za mke alinieleza mimba ikiwa na miezi minne. Nilimrushia mkasi, bahati nzuri ukamkosa. Kisha nikalia wiki nzima, kisha nikaendelea kushona, kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na sare hazijishoni.

Simsifu wala simtukani. Alikuja kila Jumapili. Alilipa ada ya shule na alikwenda mwenyewe kumwandikisha mtoto, akatia sahihi kwenye fomu mahali pa mzazi. Jambo moja tu lilitushinda, nalo ni cheti cha kuzaliwa. Mimi na yeye hatukuwa na ndoa, na kwa watu kama sisi jina la baba haliingii kwenye daftari la serikali mpaka wazazi wote wawili wafike na kuomba pamoja. Kila nikimkumbusha alijibu, "Wiki ijayo, mama." Zikapita "wiki ijayo" nyingi sana. Binti alikuwa na miaka minane moyo wa baba yake uliposimama, mchana, akiwa kazini.

Rafiki yake wa kambini ndiye aliyeniletea habari, na miezi miwili baadaye akarudi na habari nyingine. "Shemeji, familia imeitwa kwenye ofisi ya mirathi kuandikisha warithi. Pensheni ya marehemu itafuata karatasi hiyo. Ukikaa hapa na cherehani yako, mtoto ataachwa nje."

Nilimvalisha binti gauni la Idi, tukapanda boda. Ofisini tulimkuta afisa wa kike, miwani ameipandisha kichwani, na mbele yake watu watatu: mjane, mdogo wa marehemu, na mama yao, bibi mwembamba aliyesafiri usiku kucha kutoka kaskazini. Niliufungua mlango wakati afisa anauliza, "Marehemu aliacha watoto wangapi?"

"Wawili," alijibu shemeji, yule mdogo wa marehemu. "Wote wa ndoa."

"Watatu," nilisema kutoka mlangoni.

Wote waligeuka. Bibi hakunitazama mimi hata kidogo. Alimtazama mtoto, akaweka mkono mdomoni.

Shemeji alisimama. "Huyu mwanamke ni nani? Mtu akifa tu, watoto wanaota kama uyoga!"

"Kaa, mzee," alisema afisa, naye akakaa. Halafu akanigeukia. "Mama, sheria haiulizi mtoto alizaliwa ndani ya ndoa au nje. Inauliza kama ni wake. Umekuja na nini?"

Nilimwaga mkoba mezani. Kulikuwa na karatasi ya hospitali ya siku niliyojifungua, picha za sikukuu, simu yangu yenye ujumbe wake, na nakala ya fomu ya shule. Afisa alivipitia kimoja kimoja, bila haraka. Karatasi ya hospitali aliiweka pembeni. "Hapa jina la baba ulilitaja wewe. Inaonyesha umezaa, haionyeshi na nani." Picha nazo: mtu anaweza kubeba mtoto wa jirani. Fomu ya shule aliiangalia kwa muda mrefu. "Hii ina mkono wake. Hii itunze."

Shemeji akatoa silaha yake, nakala kutoka faili la kazini, mahali polisi anapoandika watu wanaomtegemea. Alikuwa ameandika mke na watoto wawili. Binti yangu hakuwemo. Nilijua kwa nini, faili lile liliweza kusomwa na mtu yeyote pale kambini, lakini kujua hakukunisaidia.

"Karatasi hiyo si mwisho wa maneno," afisa alisema. "Mtu akisahau kumwandika mwanawe, hamfuti. Familia ikimkubali mtoto, naandika hapa kwenye kumbukumbu za kikao, tunaendelea. Mnamkubali?"

Shemeji alisema hapana. Bibi alisema neno kwa lugha yao, na shemeji akamnyamazisha.

"Basi mama aende mahakama ya watoto, aombe itamke baba wa mtoto ni nani. Usichelewe, mama, baba akishakufa una miaka mitatu tu. Na mpaka hapo faili hili limesimama. Kwa kila mtu."

Maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yaliyomleta mjane kwangu. Alinikuta napiga pindo, akajikalisha kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, mwanamke mrefu mwenye mikono mizuri. Nilijiandaa kutukanwa.

"Niambie ukweli, dada. Ni wake?"

"Ni wake."

"Alikuwa anakuja lini?"

"Jumapili."

Alitikisa kichwa polepole. "Jumapili. Miaka tisa ananiambia yuko zamu, na mimi namfungia chakula."

Sikuweza kujizuia. "Kile cha njugu?"

"Ulikila?"

"Tulikila. Kilikuwa kitamu sana."

Alinikazia macho, nikadhani sasa ananipiga. Akaanza kucheka, cheko baya lililogeuka kilio katikati, nikampa kipande cha kitambaa cha sare apangusie uso. Alipotulia alisema kwamba wanawe wamekaa bila ada kwa sababu ya faili lile, kwamba hanipendi na asingejifanya ananipenda, na kwamba mama mkwe wake alikuwa bado yuko kwake, anataka kupimwa.

"Kupimwa nini?"

"Damu. Anasema yule mtoto ana paji la uso la kwake, kwa hiyo waje wapime."

Nilifungua kesi, na hakimu akaagiza kipimo hicho kikao cha kwanza tu. Mahakama ya watoto nilidhani ni jumba la kutisha, kumbe ni chumba chenye meza, milango inafungwa, wasiohusika wanabaki nje. Marehemu alikuwa amekwisha kuzikwa, na hakuna aliyetaka kumfukua, kwa hiyo mama yake angetoa sampuli badala yake.

Huko maabara hakikuwa hata kipimo cha damu. Mtaalamu alisugua pamba ndani ya shavu la binti yangu, ikaingia kwenye bahasha yenye namba, tukatia sahihi. Zamu ya bibi, aliyekuja na mjane, ikafika. Akafunga mdomo.

"Bibi, fungua kidogo," kijana wa maabara alimbembeleza.

Bibi aliongea, mjane akatafsiri akiwa ameinamisha kichwa kwa aibu. "Anasema ana tumbaku mdomoni. Anauliza kama mtoto ataonekana mvutaji."

Alipewa maji asukutue, tukasubiri nusu saa. Katika nusu saa hiyo mtaalamu alitueleza jambo ambalo nimelihifadhi mpaka leo. Kuna kipande cha vinasaba ambacho mwanamume anacho kimoja tu, alichopewa na mama yake, na kila binti atakayemzaa lazima ampe kile kile. Kwa hiyo bibi mzaa baba na mjukuu wa kike wanacho kipande kimoja cha pamoja. Angekuwa mtoto wa kiume, kazi hii isingewezekana kwa njia hiyo. Bibi alitafsiriwa, akajibu, mjane akacheka kwa sauti.

"Anasema mambo hayo wanawake waliyajua kabla ya mashine."

Majibu yalisomwa mahakamani baada ya wiki kadhaa. Vinasaba vililingana kama inavyotarajiwa kwa bibi na mjukuu wake. Nilifunga macho. Niliposikia kiti kinasukumwa nilijua ni nani.

"Mheshimiwa," alisema shemeji, "kipimo hicho kinaonyesha mtoto ni wa mmoja wa wana wa mama yangu. Hakionyeshi ni yupi."

Ukweli ni kwamba alikuwa sahihi, na hakimu alikubali kwamba ni sahihi. Aliandika. Kisha akainua uso.

"Mama yako ana wana wangapi?"

"Wawili, mheshimiwa. Mimi na marehemu."

"Basi unaiambia mahakama kwamba mtoto ni wako?"

Karani alikohoa ndani ya faili. Shemeji aliangalia mlango. Mke wake alikuwa akimsubiri nje, kwenye benchi.

"Hapana, mheshimiwa."

"Asante. Kaa."

Hata hivyo hakimu hakutegemea kipimo peke yake. Mwalimu mkuu alikuja na fomu halisi ya shule, sahihi ikalinganishwa na sahihi za marehemu za kazini. Mwenyekiti wa mtaa wetu alisema alimjua yule afande wa Jumapili na alizoea kumsikia mtoto akimwita baba. Kisha mjane akaomba kusema, ingawa hakuna aliyemtuma.

"Mheshimiwa, mimi ndiye niliyeumizwa kuliko wote humu. Lakini mume wangu aliwahi kuniomba viatu vidogo vya mwanangu vilivyombana, akasema ni vya maskini mmoja. Nimeviona viatu hivyo kwenye picha za huyu mama."

Sikuwahi kujua vilitoka wapi. Nilikuwa nimempa marehemu sifa kwa kuchagua vizuri.

Mahakama ikatamka kwamba marehemu ndiye baba. Kwa amri hiyo binti alipata cheti chenye majina ya wazazi wote wawili, na kwa cheti hicho tulirudi kwa afisa mwenye miwani kichwani, akaandika watoto watatu na kugonga muhuri. Alipouliza nani atasimamia mirathi, wengi tulidhani ni mjane.

"Mimi na yeye," mjane alisema, akininyooshea kidole bila kunitazama. "Nikisimamia peke yangu watasema nimekula ya yatima. Akisimamia yeye nitasema hivyo hivyo mimi."

Tangu siku hiyo tumekuwa watu wa kupanga foleni pamoja: mahakamani kuchukua barua za usimamizi, ofisi ya pensheni, benki. Foleni zenyewe unazijua, anayeambiwa arudi kesho anarudi keshokutwa. Yeye analeta chakula, mimi naleta uzi na sindano, na wakati mwingine tunamsema marehemu mpaka watu wanageuka. Fungu la binti yangu lilianza kuingia muhula uliopita, kwenye akaunti ya jina lake. Si utajiri, lakini ada inalipwa.

Shemeji bado hanisalimii. Bibi, kwa upande wake, hupiga simu kila mwezi na hataki kuongea na mimi. Anamtaka mjukuu. Hawana lugha ya pamoja, kwa hiyo wanahesabiana namba, mmoja Kiswahili na mwingine kwa lugha yake, na kumi ikifika wanacheka wote wawili.