Salamu kwa Baba

Mgeni akiketi mbele ya maikrofoni yangu akanijibu "ndio" na "hapana" tu, kosa huwa langu. Nimemuuliza maswali yasiyo na pa kuingilia. Podikasti yangu naifanyia chumbani kwangu, mtaani Kapsoya. Nimetundika mablanketi ukutani yameze mwangwi, na hurekodi asubuhi, maana mvua ya mchana ikianza kupiga mabati hata sauti yangu mwenyewe siisikii.

Mama aliyekuja siku hiyo huuza mboga sokoni. Binti yake alikwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akanyang'anywa simu alipofika. Sasa hutuma ujumbe wa sauti mara mojamoja, kwa simu ya wakala wake wa huko, Mkenya mwenzetu, naye akiwa amesimama hapo hapo anasikiliza. Mama alibisha ofisi baada ya ofisi akitaka mtoto arudishwe. Kila mahali walimjibu: si anasema yuko sawa? Akaja kwangu kwa kukosa pengine pa kwenda. Hilo lilinitia hofu, kwa sababu wasikilizaji wangu wote wangeenea kwenye kanisa dogo na mabenchi yakabaki.

"Mama, hizo message zake huwa zinakuwaje?" nikamuuliza, kisha nikafunga mdomo. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwa mtu mwenye domo kama langu.

"Ni zilezile tu. Mama niko sawa, kazi ni mzuri, salimia baba."

Jicho langu lilikuwa limeshateremka kwenye swali linalofuata. Salamu ndizo ninazokata kwanza nikihariri. Kwetu mtu hamalizi kuongea na simu bila kusalimia ukoo mzima, na msikilizaji huchoka. Lakini kwenye hedifoni nilisikia sauti ya mama ikishuka pale kwenye "baba", kana kwamba ameona aibu.

"Na mzee husema nini akipata hizo salamu?"

"Mzee alituacha kabla msichana aende. Yeye mwenyewe alitupa mchanga kwa kaburi."

Niligeuza karatasi ya maswali chini juu. "Sasa wewe unaonaje, kwa nini anamsalimia?"

"Naona kichwa yake imeharibika." Akavuta leso usoni. "Ndio maana hizo ofisi sikuwaambia. Watu watasema msichana wangu ni wazimu."

Nusura ulimi uniponyoke niseme pole. Pole ingemfariji na ingefunga kila kitu. Nikaimeza.

"Nielezee, Mama. Akiwa mdogo, ni wakati gani alikuwa anamwita baba yake?"

Akashusha leso usoni.

"Huyo hakuwa mtoto wa kulia," akasema. "Akipigwa huko shule, ama watoto wakimfungia kwa choo, anasema tu, niitieni baba. Mzee anaacha jembe hapo shambani, anaenda kumto—"

Hakumalizia. Nilimwona akijisikia mwenyewe. Mikono yake ilishika ukingo wa meza, maikrofoni ikatikisika.

"Ananiambia nimtoe," akasema. "Wakati huu wote. Na mimi nafikiria ni wazimu!"

Alilia nami nikalia, mashine ikiendelea kurekodi. Alipopata sauti akaniamuru, "Weka hiyo leo. Watu wote wasikie."

Ilikuwa rekodi bora kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilijichukia kwa kuwaza hivyo. Ikabidi nimwambie ukweli: watu wote wakisikia, na yule mwenye simu atasikia. Hata hizo salamu atamnyima. Sikuirusha, na sitairusha mpaka msichana afike nyumbani.

Tuliibeba rekodi hadi ofisi moja ya serikali mjini. Afisa akasikiliza kidogo, akavua hedifoni. "Mama, salamu si ushahidi," akasema, akaita mtu mwingine aliyekuwa kwenye foleni.

Nje, mama alikaa kwenye ngazi, akafuta uso, akabonyeza simu arekodi ujumbe wa kumjibu binti. Sauti aliyoitoa ilikuwa changamfu, ile ya kuita wateja. "Msichana wangu, baba amepata salamu zako. Amefurahi sana. Anasema atakuja."

Jibu lilichelewa mno. Siku lilipofika nilikwenda sokoni, mama akanichezea ujumbe hapo katikati ya sukuma na nyanya.

"Mama, niko sawa. Kazi ni mzuri. Ambia baba asikawie."

Akaizima. Akanitazama, akaniuliza swali ambalo ndio na hapana haviwezi kulijibu.

"Sasa mtoto wangu, baba ni nani?"

Nimetumia miaka mingi kuuliza watu maswali. Nilisimama pale na mdomo wangu, nikijiuliza ni nani ataacha jembe lake aende kumtoa.