Swali Kabla ya Alama za Vidole

Nilirudi Morogoro baada ya mpaka wa Kenya kufungwa, nikiwa na sanduku la bati na stashahada ya ufundi mitambo. Niliisomea Nairobi jioni, mchana nikipakia magunia. Hakuna aliyeninunulia hata kalamu. Katika kijiji chetu huko juu milimani Uluguru hakuna mtu aliyekuwa amewahi kushika karatasi ya namna ile, nami sikuona haya kuwaonyesha. Kwa hiyo kiwanda kipya cha umma kilipotangaza kazi ya msimamizi wa chumba cha boila, sikuona nani mwingine angeipata.

Kwenye usaili waliniuliza habari za vali ya usalama. Nilieleza mpaka mhandisi akaweka kalamu chini akawa ananisikiliza tu. Hofu ilinipata mlangoni, wakati wa kutoka.

“Ndugu,” karani aliniambia, “Jumatatu uje na barua ya balozi wako wa nyumba kumi. Utajaza fomu ya upekuzi, tujue ulikotoka na mwenendo wako, halafu polisi watakuchukua alama za vidole.”

Nilipokuwa kijana nilimpiga jirani kwa mpini wa jembe, tukigombea zamu ya maji ya mfereji wa kumwagilia kabichi. Nilimvunja mkono. Mahakama ya mwanzo ilinifunga miezi mitatu. Nilipotoka nikaondoka nchini, na kule nilikokwenda sikumwambia mtu.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwepo siku niliyokamatwa. Hata hivyo, nilipomwendea aliandika barua papo hapo, akagonga mhuri. Niliisoma njiani nikasimama. Aliandika kwamba sijawahi kushtakiwa wala kufungwa. Alidhani ananisaidia. Jumapili nilikaa kanisani sikusikia neno hata moja la padri, nikitazama vidole vyangu kana kwamba maandishi yalikuwa juu yake.

Jumatatu nilifika kabla ya karani. Afisa Utumishi, mama wa makamo mwenye miwani, alikuwa anafungua madirisha.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Fomu ziko kwa karani.”

“Nina swali kabla sijajaza.”

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima: Nairobi, magunia, stashahada. Yote nikayaacha. “Niliwahi kufungwa, mama. Je, hilo linaniondoa moja kwa moja?”

Akaacha dirisha. “Kosa gani?”

“Kupiga mtu.”

“Muda?”

“Miezi mitatu. Ni miaka kumi na miwili sasa, na sijapata kesi nyingine. Unajua mama, yule jirani ndiye aliyeanza...”

“Jirani hajaomba kazi hapa.” Akakaa. “Peke yake halikuondoi. Ungekuwa wizi, nawe unataka stoo, ningekwambia usijisumbue. Kamati itatazama kosa, miaka iliyopita, na kazi yenyewe. Siamui mimi, wala sikupi ahadi. Ila uandike yote: kosa, mahakama, mwaka, kifungo. Vidole vinapelekwa polisi Dar. Vikirudi na jambo ambalo hukuliandika, hatutazungumzia tena kupigana, tutazungumzia uongo. Hata kama umeshaanza kazi utatoka. Barua ya balozi unayo?”

Ilikuwa mfukoni, nimeishika. “Ina kosa, mama. Nitaleta nyingine.”

Akarudi kwenye dirisha lake. “Polisi wapo mpaka kesho adhuhuri.”

Nilipanda mlima bila kupumzika. Balozi nilimkuta akipalilia maharage, nikamwomba barua nyingine inayotaja kifungo changu.

“Nimekufua ukatakata,” alisema, “unarudi kujigaragaza kwenye tope. Ndiyo mnayofundishwa huko Nairobi?”

“Watajua tu, mzee. Vidole vitasema.”

“Na hii ya kwanza, wameiona?”

“Hawajaiona.”

Alininyang’anya, akaichana vipande vidogo vidogo, akavifukia kwa jembe. Ndipo nilipotambua kwamba naye alikuwa anaogopa. Mhuri ule haukuwa wake, ulikuwa wa chama. Barua mpya ilikuwa na mistari miwili: kwamba nilifungwa miezi mitatu kwa kumjeruhi mtu, na kwamba tangu nirudi hajasikia malalamiko.

Kesho yake nilijaza fomu, polisi akaniviringisha vidole kwenye wino, kimoja kimoja. Nilingoja wiki sita.

“Umepata,” Afisa Utumishi aliniambia mwishowe, “lakini fundi wa zamu, si msimamizi. Kamati haikutaka kukuweka juu ya watu kwa sasa.”

Nilitaka kubisha, maana kwa stashahada hapakuwa na wa kunishinda. Nikasaini. Msimamizi waliyemweka hakuwa hata na cheti, na boila ilipogoma alikuja kunitafuta mimi. Lakini miezi ile ya kwanza, gari la polisi likipita getini, spana ilinitoka mkononi. Nilijikumbusha kwamba hawakuwa na jambo la kunifuatia ambalo sikuwa nimeliandika mwenyewe, kisha nikainama kuiokota.