Uchungu Ulioingia Kwenye Video ya Nereah

Ukikutana na video ndefu mtandaoni, mtu anakueleza kwa upole jinsi biashara yako inavyokusumbua, halafu mwishoni anakuuzia mafunzo, jua kwamba kuna aliyeketi mahali akaandika kila neno. Mara nyingine aliyeandika ni Afrah, kwenye chumba cha ghorofa ya juu huko Gatina, Kawangware, mlango umefungwa na chai imepoa kando ya kompyuta. Majirani zake walidhani yuko kwenye mambo ya benki. Hakuwasahihisha, maana kuwasahihisha kungeanzisha mazungumzo, na mazungumzo yangemalizika kwa mtu kuuliza kwao ni wapi.

Kwao ni Kibera, tena si mbali. Alizaliwa kwenye nyumba ya Wanubi yenye ua mpana na shangazi wasiohesabika, ambapo hukuweza kukohoa bila mtu kukuletea tangawizi. Mama yao alipofariki, dada yake mkubwa, Kaltuma, alikaa na kaka zake wakakubaliana chumba alicholala Afrah kipangishwe. Walimwambia wakiwa wameshakubaliana. Afrah alikusanya nguo zake, akahamia Kawangware, akaapa hatalala tena kwenye ua ule. Kaltuma alipiga simu, akapiga tena na tena, na kila mara Afrah aliitazama simu ikiita mpaka ikanyamaza. Baadaye Kaltuma akaacha kupiga. Hapo ndipo Afrah alipokasirika kweli, eti dada yake hampigii. Mimi sijui mtu wa namna hiyo umfanye nini, lakini nampenda.

Basi akaishi hivyo. Aliamka, akaandika, akashuka kununua mboga, akapanda. Kuna wiki ambazo sauti pekee aliyoisikia ikitaja jina lake ilikuwa ya mteja.

Mteja wa msimu huo alikuwa Nereah, mshonaji wa Soweto West, huko huko Kibera, mama wa makamo mwenye kicheko cha kuamsha mtaa, ambaye kila mtu alimwita Mama Marion kwa jina la binti yake. Nereah alikuwa ameandaa mafunzo ya mtandaoni juu ya jambo moja tu, kukata mkono wa gauni la kitenge. Washonaji wengi hukata tundu la mkono mbele na nyuma kwa mkato mmoja, kwa haraka au kwa sababu ndivyo walivyofundishwa. Kitenge hakinyumbuki. Mteja akiinua mkono kuanika nguo, gauni lote linapanda naye. Nereah alifundisha kuchimba tundu la mbele zaidi ya la nyuma, na kupima kichwa cha mkono, pale juu panaposhonwa begani, kabla makasi hayajagusa kitambaa. Mwanafunzi alitazama masomo kwenye simu, akachora patani, umbo la kukatia nguo, kwenye karatasi, akashona, akatuma picha, na Nereah mwenyewe akamwonyesha alipokosea.

Sasa alitaka video ya kuyauza. Musau, kijana wa matangazo aliyeajiriwa kuihariri na kuisambaza, alishaamua mpango: tatizo, uchungu, suluhisho. Kwanza unataja shida ambayo mtazamaji anaijua. Kisha unaibonyeza, aone inavyomgharimu na kwa nini njia alizojaribu hazikumsaidia. Ndipo unaleta dawa, unaonyesha waliofaidika, unataja bei na masharti, na unamwambia afanye kitu kimoja tu, ajiandikishe.

Afrah hakuwa na ugomvi na mpango huo. Daktari naye huuliza panapouma kabla ya kuandika dawa. Ugomvi wake ulikuwa na sehemu ya pili, kwa sababu hapo ndipo waongo hustarehe. Yeyote anaweza kubonyeza mahali pasipo na kidonda mpaka pavimbe. Kwa hiyo alikuwa na sheria yake: kila sentensi ya uchungu lazima iwe na mwenyewe, mtu wa kweli aliyeitamka. Aliwapigia simu wanafunzi waliokwisha kupita kwa Nereah, akawauliza mambo yalikuwaje kabla, akanyamaza, akaandika walivyosema bila kuwapamba.

Musau alipotaka saa ya kuhesabu kurudi nyuma kwenye skrini, kana kwamba mafunzo yatafungwa jioni hiyo, Afrah alikataa, kwa sababu hayakuwa yanafungwa. Musau alipotaka waseme wateja watajaa mlangoni, Afrah aliandika kinyume chake: mafunzo haya yanarekebisha mkono wa gauni, hayaleti wateja, na kama hujawahi kukalia cherehani, subiri kwanza ujifunze kushona. Aliandika pia kwamba asiyeridhika baada ya somo la kwanza atarudishiwa pesa, baada ya kumuuliza Nereah mara mbili kama kweli atarudisha. Nereah alisema atarudisha, na akaongeza kwamba Afrah ana maswali kuliko askari.

Nereah alipenda kumpigia simu. Alianza na kazi, akaishia kumwuliza amekula nini. Afrah alijifanya kuchoshwa na maswali hayo, lakini siku ambayo Nereah hakupiga aliona chumba kimekuwa kirefu. Alijua video ikimalizika simu hizo nazo zitakwisha, na wazo hilo lilimuuma. Huenda ndiyo maana sehemu ya pili ilimchukua muda kuliko zote.

Ilikuwa nzuri, acha niseme ukweli. Mwanafunzi mmoja aitwaye Akeyo alikuwa amemwambia kwamba mteja ambaye gauni limembana hagombani nawe. Anashukuru, analipa, na humwoni tena. Afrah alilichukua neno hilo, akaliendeleza. Akaandika juu ya mshonaji anayekaa na cherehani iliyonyamaza, anayeitazama simu isiyoita, anayesikia watu wakicheka mlango wa pili na hajui tena jinsi ya kwenda kubisha. Akaandika: "Hukufukuzwa na mtu. Waliacha tu kukuita, na wewe ukaacha kungoja." Alipomaliza, macho yalikuwa yamemlowa, akaona ni dalili ya kazi njema.

Musau alipoisoma alimpigia papo hapo, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Alisema hajawahi kuona sehemu ya uchungu iliyoandikwa hivyo, watu watasimamisha kila kitu wasikilize, na hapo ndipo mauzo yalipo.

Nereah yeye hakupenda kusoma kwenye simu. Alitaka asomewe. Kwa hiyo Afrah alikwenda Soweto West asubuhi moja, akazunguka mbali kidogo ili asipite karibu na ua wa kwao. Alikuta wanawake watatu wakishona chumbani kwa Nereah, Akeyo akiwa mmoja wao, na Musau ameegemea mlango. Nereah alimpa stuli na kikombe kabla hajapumua.

Alisoma. Kwenye tatizo, wanawake waliguna kwa kukubali, na mmoja akainua mkono kuonyesha gauni linavyopanda. Kisha akaingia sehemu ya uchungu, na cherehani zikasimama moja baada ya nyingine. Afrah alidhani wameguswa. Alipofika kwenye kicheko cha mlango wa pili, mmoja wao akaanza kucheka, akajizuia, akashindwa.

"Peke yangu wapi?" akasema. "Hapa Kibera? Mimi hata choo naenda na watu."

Chumba kizima kikacheka, bila ubaya wowote. Nereah hakucheka. Alikuwa anamtazama Afrah.

"Hiyo ya simu haiiti," akauliza, "nani alisema?"

Afrah akafungua alikoandika maneno ya wanafunzi, akapitia, ingawa alijua. Akeyo akamsaidia kwa upole. Alisema yeye alizungumzia wateja kuhama, na hilo lilimuuma kwa sababu ya ada ya watoto na kwa sababu ya aibu. Lakini hakusema hana mtu. Watu anao mpaka wamezidi.

"Basi hiyo si yetu, msichana wangu," Nereah akasema. "Ni ya nani?"

Musau ndiye aliyejibu, akisema haijalishi ni ya nani. "Afrah, usitoe hapo. Hata kama si yao, mtu ataskia ni yake. Hiyo ndio itauza, trust me."

Na alikuwa sahihi, hilo ndilo lililomtia Afrah baridi. Ingeuza. Ingemfikia mtu mpweke mahali fulani, imbonyeze hapo hapo panapouma, halafu imuuzie namna ya kukata mkono wa gauni. Angelipa, angejifunza, mkono ungekaa vizuri, na chumba chake kingebaki kama kilivyokuwa. Afrah yule yule aliyekataa saa ya uongo na ahadi za uongo alikuwa ametia kwenye video uchungu usio na dawa ndani yake, kisa tu ulikuwa wa kweli kwake.

Akamwambia Musau kwamba inatoka. Aliifuta mbele yao, akaandika mahali pake alichosema Akeyo: mteja anashukuru, analipa, humwoni tena, na wewe hujui kosa ni lipi ili ulirekebishe. Ilikuwa fupi na kavu. Musau alitikisa kichwa. Akeyo alisema hiyo sasa ndiyo yenyewe, akarudi kwenye cherehani yake.

Nereah alimsindikiza hadi penye njia pana, akamwuliza kama atakula kwanza. Afrah alisema ana kazi. Hakuwa na kazi.

Alirudi Gatina mchana, akafungua mlango, akaketi. Video ilirekodiwa na Nereah bila Afrah kuhitajika, na simu za kuulizwa amekula nini zikapungua, kisha zikakoma, kama alivyojua. Wanafunzi walijiandikisha, si wengi kama Musau alivyotamani. Waliojiandikisha walibaki.

Aya aliyoifuta alikuwa bado nayo kwa kumbukumbu. Siku moja ya Jumapili, kanisa la jirani likiimba, aliiandika upya peke yake kwenye ukurasa mtupu. Tatizo lilikuwepo. Uchungu ulikuwepo, tena uliandikwa na fundi. Akajaribu kuandika suluhisho kwa sheria zake mwenyewe, bila kuahidi asichoweza kukitimiza, na hakupata hata sentensi moja. Alilia kidogo, akajifuta kwa kanga. Kilichobaki ni kile kitu kimoja ambacho mtazamaji huambiwa afanye mwishoni. Akachukua simu, akampigia dada yake.

Kaltuma alipokea mara moja.

"Afrah? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Basi unaumwa? Uko hospitali?"

"Siumwi."

"Sasa unapigia nini?"

Afrah alikuwa na maneno mengi ya kuanzia. Alikuwa na ya lawama, na ya chumba kilichopangishwa, na ya simu zilizokoma. Aliyaacha yote.

"Niko peke yangu, Kaltuma."

Upande wa pili watoto walikuwa wakigombana na mtu akiita kutoka uani. Kaltuma akasema, "Ngoja nifunge mlango nikusikie."